Ruta yangu ya dukani, miezi minane: nyota tatu kati ya tano

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Morogoro. Ruta hii niliwekewa na kampuni ya intaneti ya faiba, na kwa kasi sina malalamiko. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya usiku mmoja.

Shule moja ilinipa kazi ya mitihani, nakala 480 za kurasa nne, nizikabidhi saa moja asubuhi. Saa tatu usiku nikaona intaneti inasuasua, nikajua majirani wamepata nywila yangu ya waifai. Nikaingia kwenye ruta kwa simu, nikaandika nywila mpya, nikahifadhi. Papo hapo simu ikakatika, laptopu ikakatika, na printa, isiyotumia waya, ikapotea. Nikaandika ile nywila mpya kwa uangalifu, ikakataa. Nikarudia mara kumi. Mafaili ya mwalimu bado yalikuwa kwenye barua pepe.

Nikachukua pini niichomeke kwenye kitundu cha RESET. Kabla sijabonyeza nikampigia shemeji yangu, fundi wa mitandao.

"Shemeji, usiguse hicho kitundu! Jina na nywila za PPPoE unazo?"

Sikuwa nazo. Akanieleza kuwa kwa laini yangu ruta hujitambulisha kwa kampuni kwa jina na nywila hizo, na RESET ingezifuta pamoja na mengine yote. Ningepata waifai isiyo na intaneti, na huduma kwa wateja ilikuwa imefungwa hadi asubuhi.

Akaniambia nichukue waya wa mtandao uliokuja kwenye boksi, nichomeke upande mmoja kwenye tundu la LAN 1 la ruta na mwingine kwenye laptopu. Waya hauulizi nywila ya waifai. Nikafungua `192.168.1.1`, nikaingia kwa nywila ya msimamizi, ambayo ni tofauti na ya waifai na nashukuru nilikuwa nimeiandika daftarini. Kwenye ukurasa wa waifai nikabonyeza alama ya jicho. Nywila ilikuwa ileile niliyoikusudia, herufi kwa herufi! Shemeji akasema niweke kishale mwisho kabisa. Kikasimama hatua moja mbele ya herufi ya mwisho: simu ilikuwa imekamilisha neno yenyewe na kuongeza nafasi tupu, na ruta ikaihesabu kama herufi.

Usiku ule sikuweka nywila mpya. Nilirudisha ya zamani kama ilivyokuwa, na printa ikajiunga yenyewe bila kupangwa upya. Saa nane usiku karatasi ya mwisho ilitoka.

Lawama yangu kwa watengenezaji ni kwamba ukurasa wao unaficha nywila kwa nukta na hauombi uiandike mara ya pili. Kwa kampuni, karatasi ya PPPoE mteja apewe siku ya kuwekewa ruta. Mimi niliifuata ofisini kwao, na sasa imegundishwa ndani ya mlango wa kabati, chini yake waya wa LAN umening'inia.