Chaja ya Vichwa Vingi: Ipi Ununue Kariakoo, na Uikague Vipi Kabla ya Kulipa

Mdogo wangu aliunguza laptopu yake ya HP kwa chaja ya vichwa vingi aliyokuwa ameitumia miezi miwili bila shida. Swichi ya volti iliyo ubavuni mwa chaja ilisogea ndani ya begi, kwenye daladala, kutoka 19 hadi 24. Alipochomeka, taa iliwaka mara moja, ikaja harufu ya kuungua, kimya. Fundi alipoifungua alituonyesha kijidude cheusi kilichopasuka jirani na tundu la chaji.

Kwa sababu hiyo chaja ya swichi naiweka mwisho kabisa. Ukikosa nyingine, iweke swichi kwenye volti zako kisha uizibe kwa tepu ya umeme.

Nafasi ya pili naipa ile yenye volti moja tu, 19.5, na vichwa vya kubadilisha. Laptopu nyingi hutumia 19 hadi 20, na tofauti ya nusu volti haiziumizi. Laptopu ya volti 12 au 16 isiguswe na chaja hii.

Ya kwanza ni ile ambayo kichwa chenyewe ndicho kinachoiamuru chaja itoe volti ngapi, na kila kichwa kimeandikwa volti zake. Hapo hakuna cha kusogea kwenye begi.

Hata hiyo, muuzaji akikwambia "kimeingia, hicho hicho", usikubali. Kichwa cha milimita 5.5 kwa 2.5 kinaingia kwenye Toshiba na Asus nyingi za volti 19, na pia kwenye ThinkPad T40 ya zamani inayotaka 16. Geuza laptopu usome kibandiko cha chini. Ile HP iliandikwa 19.5V 3.33A, yaani ukizidisha unapata wati 65. Volti zilingane. Ampea za chaja ziwe sawa na hizo au zaidi, maana laptopu huvuta inachohitaji tu. Zikipungua, chaja itachemka na kujizima.

Wenye Dell wana jambo lao: laptopu hizo huitambua chaja kupitia pini ya katikati. Kichwa kisichotoa utambulisho huo kitaiwasha laptopu, lakini itakuonya kwamba haiijui chaja, betri haitajaa na mashine itakuwa nzito. Ijaribu hapo hapo dukani.

Mwisho, angalia kichwa kinavyokaa kwenye waya. Vingine huingia hata vikigeuzwa, chanya ikakaa mahali pa hasi, na hilo huunguza kama volti zilizozidi. Linganisha alama za + na −, kisha omba mita. Iwekwe kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Waya mwekundu uguse ukuta wa ndani wa kichwa, mweusi uguse nje. Kwa HP ile unatakiwa kuona takriban 19.5. Ikitokea alama ya kutoa mbele ya namba, kichwa kimegeuzwa. Kichomoe, ukigeuze, upime tena kabla laptopu haijatoka kwenye begi.