Kliniki ya mifupa: picha safi, mkono umevunjika

Naweka uzoefu wangu hapa maana naona watu wengi wanaanguka, wanapiga eksirei, wanaambiwa hamna kitu, basi wanarudi home na dawa ya kuchua. Mimi niliteleza kwenye mechi ya mtaani nikatanguliza kiganja chini. Mkono haukuvimba hata, vidole vinacheza fresh, ila nikishika kikombe au kufungua kitasa maumivu yanapiga ndani kabisa upande wa dole gumba.

Dokta (dada mmoja mpole sana) kabla hata ya picha aliniambia ninyooshe gumba juu, pale chini yake kwenye kifundo mishipa miwili inasimama na katikati kunakuwa na kashimo, akabonyeza humo nikaruka. Akabonyeza kanundu ka upande wa kiganja, pakauma, akalisukuma gumba kwa ndani kama analirudisha mkononi, pakauma tena. Eksirei ikatoka safi, hata ile ya kupinda mkono kuelekea kidole kidogo. Nikajua naruhusiwa. Akasema "kaka, picha ni nzuri ila huu mkono siuamini".

Akanielezea kuna kamfupa kadogo kama korosho kanaitwa skafoidi, ufa wake siku za mwanzo unaweza usionekane kabisa kwenye picha, ila wiki mbili hivi zikipita kingo za ufa zinalika kidogo ndo mstari unajitokeza. Shida ni damu yake, inaingilia zaidi upande wa vidole halafu inarudi nyuma, sasa ufa ukikaa vibaya kile kipande cha upande wa kiwiko kinakosa damu, kinaweza kugoma kuunga au kufa kabisa na baadae kifundo kinasagika. Ndo maana walinifunga hapohapo kifaa kigumu kinachoshika mpaka gumba, bila kusubiri uhakika. Emaarai ingeona mapema ila bei yake, acha tu, tukakubaliana nirudi. Mama mkwe alikuwa ashapata mtu wa kuchua, nikamwambia mama hapana, dokta kakataza kabisa.

Niliporudi picha ya pili ikaonyesha mstari katikati ya mfupa, vipande havijasogea so hakuna upasuaji, nikafungwa hogo. Walisema wiki 6 hadi 12, na ufa ungekuwa karibu na kiwiko zaidi ungechukua muda mrefu kuliko hapo, na kabla ya kulitoa lazima waone umeunga.

Nilichokichukia ni mapokezi, hakuna aliyeniambia kuwa picha ya marudio inalipiwa upya na bima yangu ikagoma, nikachelewa mpaka jioni nikihangaika na simu kwa mkono mmoja. Na hogo la kwanza lilibana vidole vikaanza ganzi usiku, asubuhi nikarudi wakalikata na kufunga jingine bure bila kununa. Nyota nne.