Simu mbili za Julai 2021: moja imepanda hadi Android 14, nyingine imebaki Android 10

Mwezi Julai 2021 nilinunua simu mbili kwa siku moja hapa Kigoma mjini. Ya kwanza ilikuwa Samsung Galaxy A52, ambayo nilijichukulia mwenyewe kwa ajili ya kazi za shule, maana ninafundisha somo la kompyuta. Ya pili ilikuwa simu ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja, yenye bei isiyofika nusu ya ile ya kwanza, na hiyo nilimpa dada yangu anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi na kuwasafirisha kwa treni. Nimezifuatilia simu hizo kwa karibu miaka minne, na ninaandika uzoefu huu kwa sababu wengi hudhani simu isiyopata toleo jipya la mfumo ina hitilafu, au mwenyewe hajui kuisasisha. Simu ya dada haikuwa na hitilafu yoyote.

Dalili ya kwanza ilikuwapo tangu tulipofungua boksi, nami niliipuuza. Galaxy A52 ilitoka kiwandani na Android 11. Simu ya dada ilikuja na Android 10, ilhali Android 11 ilikuwa imetolewa tangu Septemba 2020. Muuzaji alinihakikishia kwamba tukiwasha data itajisasisha yenyewe. Ni kweli ilipokea masasisho mawili madogo ya usalama, na la mwisho lilikuwa la Septemba 2021. Baada ya hapo, kila tulipobonyeza sehemu ya kutafuta sasisho, ilijibu kwamba mfumo uko katika toleo la karibuni. Jibu hilo huwachanganya watu wengi. Maana yake ni kwamba hakuna jipya ambalo kampuni imeliandaa kwa modeli hiyo, wala halisemi kitu kuhusu hatua ambayo Android yenyewe imefikia.

Wakati huohuo simu yangu ilipata Android 12, kisha 13, kisha 14. Haikuzipata siku zilipotoka. Simu za Pixel, ambazo Google huzitengeneza yenyewe, hutangulia, na mimi nilisubiri kila mara. Kila sasisho kubwa lilikuwa la gigabaiti kadhaa, hivyo nililipakua usiku kwa intaneti ya shuleni, na kwa siku mbili za mwanzo simu ilipata joto na kula chaji zaidi ya kawaida kabla ya kutulia. Hayo niliyavumilia bila kinyongo.

Jambo lilikuwa zito mwaka 2024, pale programu ya benki anayoitumia dada ilipokataa kufunguka na kumtaka atumie simu yenye mfumo mpya zaidi. Alikuja nyumbani jioni akiwa bado na harufu ya dagaa mikononi, akaniwekea simu mezani. “Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa vitu hivi,” aliniambia. “Kioo kizima, betri nzima, kwa nini benki inaniambia simu imezeeka?”

Niliamua kuichunguza kwa kebo badala ya kubahatisha. Unaingia kwenye Mipangilio, unafungua sehemu ya Kuhusu simu, unagusa namba ya muundo mara 7 ili chaguo za wasanidi zionekane, kisha unaruhusu utatuzi kwa njia ya USB. Kwenye kompyuta yenye adb, programu ya kuiamuru simu kwa kebo, niliandika amri hizi:

```
adb shell getprop ro.product.first_api_level
adb shell getprop ro.treble.enabled
adb shell getprop ro.build.version.security_patch
```

Majibu yalikuwa `29`, `true` na `2021-09-05`. Mistari hiyo mitatu ndiyo kisa chote cha simu ya dada.

Jibu la kwanza linamaanisha kwamba simu ilizaliwa na Android 10, kwa kuwa 29 ndiyo namba ya ndani ya toleo hilo. La pili linahitaji maelezo marefu kidogo. Google inapomaliza toleo jipya, huachia msimbo wake, lakini msimbo huo peke yake hauwezi kuiendesha simu yoyote iliyoko dukani. Kati yake na kamera, redio ya mtandao, kioo na spika kuna draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuviendesha vifaa hivyo, na sehemu kubwa ya draiva hizo hutoka kwa mtengenezaji wa chipu, kama vile Qualcomm, MediaTek au Unisoc. Kampuni ya simu hupokea furushi hilo la draiva, huliunganisha na msimbo wa Google, huongeza mwonekano na programu zake, hupitisha kazi hiyo kwenye majaribio ambayo Google inayadai, na mwisho huisambaza kwa modeli husika. Zamani draiva na mfumo vilikuwa vimechanganyika kiasi kwamba toleo jipya la Android lililazimu kuanza upya kwa mtengenezaji wa chipu. Akisema chipu hiyo ameshaacha kuihudumia, safari iliishia hapo, hata kampuni ya simu ingetaka vipi kuendelea.

Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google ilileta utaratibu uliopewa jina la Treble, ambao unatenga draiva katika eneo lake na mfumo katika eneo lake, na kuweka mpaka wenye masharti yanayojulikana kati yake. Kwa hiyo mfumo mpya unaweza kukaa juu ya draiva za zamani kwa matoleo kadhaa. Neno `true` lilinionyesha kwamba simu ya dada ina mpaka huo. Kwa maneno mengine, ukuta wa kiufundi uliokuwa ukilaumiwa miaka yote ulikuwa umeshabomolewa kabla simu hiyo haijatengenezwa. Hapo ndipo nilipoudhika kwelikweli, kwa sababu nilikuwa nimemweleza dada kwamba tatizo ni chipu.

Kilichobaki ni gharama na nia ya kuibeba. Kampuni inayouza simu za bei ya chini hutoa modeli nyingi kwa mwaka, na mara nyingi modeli moja ina vioo au kamera kutoka kwa wauzaji tofauti, kiasi kwamba kila aina huhitaji kujaribiwa kivyake. Simu nyingi za namna hiyo husanifiwa na kampuni nyingine ya kandarasi, na jina unaloliona mgongoni ni la anayeiuza tu. Uzalishaji ukiisha, wahandisi huhamishiwa kwenye modeli inayofuata. Faida ya kila simu ni ndogo na ilipatikana siku ya mauzo, kwa hiyo sasisho la miaka miwili baadaye ni kazi ambayo hakuna aliyewekewa fungu la kuifanya. Kampuni yenye modeli zake yenyewe, inayoziuza kwa bei ya juu na inayotaka mteja arudi, huiingiza gharama hiyo kwenye bei tangu mwanzo. Apple imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa chipu, mfumo na simu vyote ni vyake: iPhone 6s ya mwaka 2015 ilianza na iOS 9 ikafikishwa hadi iOS 15 ya mwaka 2021, na sasisho hufika kwenye simu zote zinazokubalika siku moja.

Hata watengenezaji wa chipu walikuwa na kilio chao. Treble iliwapunguzia kazi watu wa simu, lakini mwenye chipu alibaki akilazimika kuhudumia chipu moja katika mchanganyiko mwingi wa draiva na matoleo ya mfumo. Desemba 2020 Google na Qualcomm zilitangaza mpango wa kugandisha masharti ya upande wa draiva, ili chipu za Qualcomm, kuanzia Snapdragon 888, ziweze kupata matoleo matatu ya mfumo baada ya lile la kuzaliwa na miaka minne ya usalama. Baada ya hapo ahadi ndefu zilianza kuonekana madukani: Pixel 8 ya Oktoba 2023 iliahidiwa miaka saba, na Galaxy S24 ya Januari 2024 ikafuata kwa miaka saba pia.

Jibu la tatu, `2021-09-05`, ndilo ninaloshauri kila mtu alitazame, na halihitaji kebo, kwani limo kwenye Kuhusu simu chini ya toleo la Android. Tarehe hiyo huishia na 01 au 05. Ikiishia na 01, mianya iliyozibwa ni ya mfumo wa Android wenyewe. Ikiishia na 05, zimeingizwa pia tiba za kerneli, yaani kiini cha mfumo, na za draiva za chipu. Karibu nayo kuna tarehe nyingine, ile ya sasisho la mfumo la Google Play, na kwenye simu ya dada hiyo ilikuwa ya mbele zaidi. Isikudanganye. Tangu Android 10, Google inaweza kubadilisha baadhi ya vipande vya mfumo moja kwa moja kupitia Play bila kumsubiri mtengenezaji, jambo ambalo ni msaada mkubwa, lakini kerneli na draiva hazimo katika vipande hivyo.

Fundi mmojawapo wa Mwanga alijitolea kuiwekea simu hiyo mfumo mpya wa jumla, ule unaotengenezwa kwa ajili ya simu zote zenye Treble. Inawezekana, na simu ingeweza kuwaka. Nilimkatalia kwa sababu moja kubwa. Ili kufanya hivyo ni lazima kufungua kufuli la kiwashio, programu inayoanzisha mfumo simu inapowashwa, hatua inayofuta kila kitu kilichomo, na programu nyingi za benki hukagua kama kufuli hilo limefunguliwa na kukataa kazi. Tungepata Android mpya na bado tukaikosa benki, ambayo ndiyo iliyotuleta hapo.

Galaxy A52 nayo imefika mwisho wake kwa upande wa matoleo: Android 14 ndiyo ya mwisho kwake, kama ilivyoahidiwa. Ahadi hizi huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, na siku uliyoinunua haibadilishi kitu. Anayeiona A52 iliyotumika ikiuzwa kwa bei nafuu leo ananunua simu nzuri ambayo muda wake wa masasisho umekwisha. Vilevile simu iliyoletwa kutoka nchi nyingine inaweza kufuata ratiba ya masasisho ya huko ilikokusudiwa kuuzwa, kwa hiyo mbili zinazofanana zinaweza kuachana kwa wiki kadhaa.

Mwaka 2025 tulimnunulia dada Galaxy A16, modeli ya mwaka 2024, ambayo si ya gharama kubwa na imeahidiwa matoleo sita ya mfumo na miaka sita ya usalama. Safari hii, kabla ya kulipa, nilimwomba muuzaji aiwashe, tukafungua Kuhusu simu palepale kaunta, nikasoma tarehe kwa sauti. Ile ya zamani dada anaitumia kupigia simu tu na kumulika anapopokea mitumbwi alfajiri, na ameiondolea namba ya benki.