Skripti ya meseji za wingi: ipi ununue, ipi uiache

Chukulia ushirika wa wafugaji wa maziwa wilayani Rungwe, wanachama 800, unataka kuwatangazia kwamba dawa ya kuogesha ng'ombe imeingia dukani. Njia ziko tatu, nami nazipanga hivi.

Namba moja ni skripti, yaani programu ndogo, unayoandikiwa na fundi wa programu, inayotuma kupitia API ya kampuni ya meseji, yaani mlango ambao programu hupitishia maombi yake. Mwanzoni ni ghali kuliko zote, ila unaweza kuikagua. Kabla hujamlipa muulize: seva isipojibu, inakuwaje? Hapo ndipo nyingi huangukia. Mtandao ukikata Tukuyu wakati ombi limeshafika lakini jibu halijarudi, skripti hudhani imeshindwa na kutuma tena. Mfugaji anapata tangazo lilelile mara mbili tatu, na salio lako linaliwa kila mara.

Skripti nzuri huipa kila meseji namba ya kumbukumbu, na kabla ya kurudia huiuliza kampuni kama namba hiyo imeshapokelewa. Kama kampuni haina huduma hiyo, meseji isiyo na jibu iwekwe pembeni mtu aiangalie. Kosa la 429, yaani maombi yamezidi, au 503, yaani seva haipatikani kwa muda, hurudiwa baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8, basi. La 400 au 401 halirudiwi, maana ombi bovu, au ufunguo wa API usiokubalika, yaani neno la siri la akaunti yenu, litakataliwa tena na tena. Mwambie fundi achomoe modemu katikati ya kutuma kwa namba zenu kumi, airudishe, kisha hesabuni meseji zilizoingia kwenye simu.

Kuna pia orodha ya waliojitoa kwenye kupokea matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara, kwa hiyo hili si hisani. Mara nyingi kinachoharibu ni namba kuandikwa 07 huku na +2557 kule. Skripti huziona ni watu wawili, na aliyejitoa anaendelea kusumbuliwa. Dawa yake ni mistari miwili, juu ya skripti pakiwa na `import re`:

```python
namba = re.sub(r"\D", "", namba)
namba = "255" + namba[-9:]
```

Orodha ikaguliwe kila jaribio, hata la kurudia. Na jina la mtumaji likiwa la herufi, mtu hawezi kulijibu, hivyo ndani ya meseji wekeni namba ambako mtu atatuma neno ONDOA ajitoe.

Namba mbili ni ukurasa wa kampuni yenyewe: unapakia faili la Eksel, unabonyeza, imekwisha. Kwa anayetuma mara moja kwa mwezi inatosha kabisa, mradi mtu awe anafuta waliojitoa kwenye faili kila mara.

Ya mwisho ni skripti za bei chee zinazouzwa kwenye magrupu ya Telegramu. Nyingine huja na ufunguo wa API wa muuzaji. Ukiutumia, salio na namba za wanachama wote 800 ziko kwenye akaunti yake.