Ngiri ya kinena: kupasuliwa sasa au kusubiri?

Daktari wa upasuaji alinipa maelezo mafupi ili nimwandikie mgonjwa karatasi ya ushauri: "Ngiri ya kulia, inarudi, dalili chache. Wavu au kungoja." Wavu ni kitambaa chenye matundu kinachowekwa wakati wa upasuaji. Mgonjwa ni seremala. Neno "inarudi" lingemtisha, angedhani ngiri hujirudia baada ya upasuaji. Nikaandika: "Uvimbe huingia ndani ukilala au ukiubonyeza."

Kwa hatari, kusubiri kunaonekana kubaya kuliko kulivyo. Utumbo unaweza kunaswa na kukosa damu, lakini katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, kwa wanaume wenye dalili chache, dharura hiyo iliwapata chini ya 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Upasuaji nao una hatari zake: damu kuvilia, kidonda kuambukizwa, na maumivu ya kinena yanayodumu miezi, ambayo huwapata takriban 1 kati ya 10. Hili la mwisho ndilo karatasi nyingi hulificha, nami nililiweka juu.

Kwa kudumu, upasuaji unashinda. Wavu huimarisha ukuta wa tumbo, kusubiri hakuponyi. Baada ya miaka 10, takriban theluthi mbili ya waliosubiri katika utafiti huo walikuwa wamepasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu.

Seremala anayebeba mbao na kuishi mbali na hospitali ana sababu ya kupasuliwa mapema. Mzee asiyesumbuliwa, mwenye moyo dhaifu, anaweza kungoja. Mwanamke asishauriwe kungoja hivyo, kwani ngiri yake hunasa kwa urahisi zaidi.

Anayengoja, uvimbe ukiwa mgumu, ukauma sana naye akatapika, aende hospitali saa hiyohiyo.