Sensa Yangu ya Sukari Mikononi mwa Wakaguzi wa Uwanja wa Ndege

Huduma ya ukaguzi niliyoipata katika uwanja ule wa ndege imeniudhi kiasi kwamba bado natafuta maneno ya kuieleza. Nilimwambia kijana wa zamu mapema, kwa upole: "Kaka, nina kisukari na nimevaa sensa mkononi. Walioitengeneza wameonya isiingie kwenye skana ya mwili. Naomba nipite lango la kupimia chuma au nipapaswe." Barua ya daktari nilikuwa nimeishika. Hakuitazama. Alinijibu kwamba foleni ni ndefu, nisimcheleweshe, kisha akanisukumia ndani ya skana.

Sidai kwamba skana ndiyo iliyoiharibu, kwa kuwa sensa huweza kukosea hata bila mashine. Ninachodai ni kwamba aliniondolea uhakika usiku niliouhitaji kuliko wakati wowote. Nilikuwa nasafiri kuelekea mashariki, mahali palipotutangulia kwa saa nane. Insulini yangu ya muda mrefu huichoma saa tatu usiku, na saa tatu usiku ya huko ingefika saa kumi na sita tu baada ya dozi ya nyumbani, kabla dozi hiyo haijaisha mwilini. Ndiyo maana daktari wangu alikuwa amepanga nichome uniti 16 usiku huo wa kwanza badala ya 24, kisha nirudi kwenye dozi kamili usiku unaofuata. Mpango huo ni wangu, si wa kila mgonjwa, na unategemea vipimo vya kuaminika.

Tukiwa angani, sensa ilionyesha milimoli 13.9 kwa lita. Nilinawa mikono, nikatoboa kidole, glukomita ikasoma 7.2. Sensa hupima majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika chache nyuma ya damu, lakini nusu saa baadaye tofauti ilikuwa ile ile. Kama ningeiamini na kuchoma insulini ya haraka, sukari ingeshuka vibaya nikiwa usingizini. Kuanzia hapo nilitoboa kidole kila baada ya saa mbili, nikifuata saa ya nyumbani ambayo sikuibadilisha kwenye glukomita hadi tulipotua, ili kumbukumbu za vipimo zisichanganyike.

Haki itendeke kwa mama mmoja, msimamizi wao, aliyefika wakati yule kijana anataka kupitisha mfuko wa sensa za akiba kwenye eksirei. Aliisoma barua, akafungua mfuko kwa mkono, akapangusa mikono yangu kwa kitambaa cha kupimia vilipuzi, akaacha insulini yangu niingie nayo ndani ya ndege, maana chini kwenye mizigo inaweza kuganda na kupoteza nguvu. Dakika tano zilitosha. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema huduma ni nzuri.

Lakini siwezi. Kama utaratibu wa dakika tano upo, kwa nini nilinyimwa mwanzoni, nikiwa nimeuomba kwa mdomo na kwa maandishi?