Kubisha: kuubana upepo au kuipa boti mwendo?

Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Tanga hupepea tu na boti husimama. Kwa hiyo tunabisha: tunakwenda kushoto, tunageuza omo, yaani pua ya boti, tunakwenda kulia, tunageuza tena. Swali ni uubane upepo kiasi gani, yaani uelekeze omo karibu nao kiasi gani.

Tuseme boya liko kilomita 1, upepo unatoka huko huko. Juma anashika nyuzi 40 kutoka upepo, njia yake ni kilomita 1.3. Asha anashika nyuzi 50, njia ni 1.56. Juma anaonekana mjanja. Lakini boti yake imezubaa kwa kilomita 5 kwa saa, ya Asha inakata 8. Asha anafika kwa dakika 12 hivi, Juma 16. Zaidi ya hapo, boti ikienda polepole mkuku, uti wa chini ya boti, haushiki maji vizuri, basi Juma anasukumwa upande pia.

Asha naye asizidishe. Kwenye nyuzi 60 njia inakuwa kilomita 2, na angehitaji zaidi ya kilomita 10 kwa saa ili asichelewe.

Tanga ndilo linaloamua. Legeza demani, kamba ya kuvutia tanga, mpaka ukingo wa mbele uanze kupepea, kisha vuta taratibu hadi utulie, uishie hapo. Wengi huvuta mpaka tanga liwe kama ubao; boti inalala upande, mwendo unakufa.

Mimi ningebana kama Juma pale tu ninapokaribia kulipita boya bila kugeuza tena.